Nihoji sura ya usanisinuru

Nimeambatisha picha za kurasa 48 hadi 61 za kitabu changu cha biolojia, sura ya usanisinuru. Nina mtihani Ijumaa. Nihoji maswali 12, moja moja, na usiulize linalofuata kabla sijajibu. Tumia yaliyomo kwenye kurasa hizi tu. Kama picha haisomeki, niambie, usibuni.

Maswali 5 yawe ya kuchagua A hadi D, mengine nijieleze mwenyewe, maana kwenye kuchagua huwa nabahatisha. Majibu ya uongo yatokane na makosa ninayofanya kweli: nadhani oksijeni inayotoka inatokana na kabonidioksidi badala ya maji, na kwamba mmea hupumua usiku tu. Maswali 2 yahusu jaribio la wanga: kwa nini jani huchemshwa kwanza kwenye maji, kisha kwenye alkoholi, kabla ya kutiwa iodini.

Nikikosea, usinipe jibu papo hapo. Nidokeze mara moja, nijaribu tena. Nikikosea tena, eleza kwa sentensi 3 au 4: wazo langu limepotokea wapi, lililo sahihi ni lipi na kwa nini, na liko ukurasa gani. Jibu la nusu usilipokee kama kamili, taja kinachopungua. Wala usinisifu bure.

Baada ya swali la 12, niorodheshee niliyokosa, kisha uniulize hayo tena kwa maneno tofauti. Anza na swali la 1.