Nauza kitanda cha mninga 5 kwa 6, kabati la milango mitatu na meza ya chakula (Sinza, Dar es Salaam)

Tunahamia Dodoma. Nyumba nakabidhi Jumapili tarehe 29 Machi, na gari tulilopata halitoshi vitu vyote, ndiyo maana hivi vitatu vinabaki. Kabla hujauliza bei ya mwisho, chukua futi kamba upime mlango wa chumba chako na kona ya ngazi zako. Mwaka jana nilinunua kochi kwa kuangalia picha tu. Lilipofika likagoma mlangoni, likalala kibarazani siku mbili hadi fundi alipokuja kukata miguu. Sitaki yakukute.

KITANDA, 380,000/=
Ni mninga mtupu, kazi ya mafundi wa Keko, nilikichongesha mwaka 2019. Ukitaka kuhakikisha mbao, inama uangalie nyuma ya ubao wa kichwani. Fundi hakupaka vanishi huko, utaiona mninga yenyewe na rangi yake ya kahawia yenye wekundu. Chaga ziko 11. Kumi ni za mninga, moja ya katikati ni paini, niliiweka baada ya ile ya awali kuvunjika watoto walipogeuza kitanda uwanja wa kurukia. Inabeba vizuri, ila rangi yake ni nyeupe na utaitambua mara moja.

Nafasi ya godoro ndani ni sm 154 kwa sm 190. Nje, kikishafungwa, kinachukua sm 164 kwa sm 202. Ubao wa kichwani una kimo cha sm 118, wa miguuni sm 70. Kutoka sakafuni hadi chini ya mbao za ubavuni ni sm 30, kwa hiyo begi la safari linaingia uvunguni, lakini sanduku la bati lile kubwa haliingii, tulishajaribu.

Alama zake ni hizi. Ubavu wa kulia, karibu na kichwa, vanishi imelika kipande cha ukubwa wa kiganja, mahali mtu anapokaa kila asubuhi akivaa viatu. Mguu mmoja wa mbele una mikwaruzo ya kuburuzwa wakati wa kudeki. Juu ya ubao wa kichwani kuna vitobo 4 vidogo. Ukiviona usishtuke, ni vya misumari ya chandarua, siyo bungua. Bungua huacha unga laini chini ya kitobo, na hapa hakuna unga. Pitisha kidole mwenyewe ukifika. Hakilii. Kikianza kulia baada ya kukifunga kwako, bolti moja haijakazwa.

Godoro siuzi, naondoka nalo.

Kufungua: kinashikwa na bolti 8, mbili kila kona, na spana namba 13 inatosha. Nitakuwa nimekifungua kabla hujafika, bolti zote kwenye mfuko mmoja, na kila kona nimeandika namba kwa chaki ili usichanganye kulia na kushoto. Kukifunga ni kazi ya watu wawili na nusu saa. Ubao wa kichwani ndio mzito, usimpe mtu mmoja aupandishe ngazi.

KABATI LA NGUO, 180,000/=
Hili siyo mbao, ni bodi za MDF zenye ngozi ya rangi ya kahawia. Nalisema mapema kwa sababu kwenye picha linaweza kukudanganya. Upana sm 120, kimo sm 200, kina sm 52. Kushoto ni sehemu ya kutundika yenye bomba la chuma, kulia ni rafu 4, chini droo 2. Kioo kiko mlango wa kati.

Kasoro kubwa iko chini. Bodi ya msingi, upande wa kushoto, imevimba kipande cha kama sm 15 kwa sababu ya maji ya deki, na ngozi yake imeanza kuachia. Haijaoza na kabati limesimama wima, lakini ukiliweka kwenye chumba kinachopigwa maji kila siku, weka matofali chini. Bawaba ya juu ya mlango wa kulia imelegea, mlango unashuka kidogo, unauinua kwa mkono ndipo ufunge. Droo ya chini haina kishikio, tunaivuta kwa kamba ya kiatu. Kioo ni kizima.

Tunaishi ghorofa ya pili, ngazi zina upana wa sm 90 na kona kali, kwa hiyo kabati likiwa zima halishuki. Lazima lifunguliwe. Na hapa nikuambie ukweli: MDF haipendi kufunguliwa mara nyingi, matundu ya skrubu yanapanuka na skrubu zinakosa pa kung'ata. Hili limefunguliwa mara moja tu, tulipohama kutoka Tabata, na matundu mawili ya nyuma fundi aliyahamisha pembeni. Njoo na seremala wako, au niambie siku moja kabla nimwite wa mtaani kwetu, ujira mtamalizana wenyewe. Mwenye bisibisi tu na haraka zake, tafadhali asilifungue. Kama unaishi kwa muda na utahama tena baada ya miezi sita, kusema kweli kabati hili halikufai.

MEZA YA CHAKULA NA VITI 4, 220,000/=
Mtiki. Meza ni sm 120 kwa sm 75, kimo sm 76. Juu kuna duara jeupe la birika la moto, msasa na vanishi vitaliondoa, mimi sikupata muda. Kiti kimoja kinacheza mguu wa nyuma, kimeshatiwa gundi mara moja. Mito ya viti ni sponji yenye kitambaa kilichopauka. Miguu ya meza haifunguki, ila inashuka ngazi ikipinduliwa ubavu. Viti vinapandana viwili viwili.

KUCHUKUA
Sileti, unakuja kuchukua mwenyewe. Jumamosi tarehe 21 na 28, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Siku za kazi ni kuanzia saa 12 jioni, na mlinzi haruhusu kushusha mizigo baada ya saa 2 usiku. Kirikuu kimoja kinabeba vyote vitatu kabati likiwa limefunguliwa. Guta litabeba kitanda peke yake. Gari linafika hadi getini. Njoo na mtu wa kukusaidia, mimi nitashika upande mmoja lakini mgongo wangu siuamini.

Ukichukua vyote ni 720,000/=. Kitanda kina mazungumzo kidogo, kabati bei yake nimeshaipunguzia ule uvimbe, usinipunguzie mara ya pili. Unalipa ukishakagua, taslimu au kwa simu. Sipokei malipo ya kushikilia kutoka kwa mtu ambaye hajafika kuona. Madalali, samahanini, safari hii hapana.

Niandikie ujumbe hapa hapa, taja kitu unachotaka na siku utakayokuja. Ukitaka picha ya ile bodi iliyovimba au ya vitobo vya chandarua kwa karibu, sema, nakutumia leo hii.