Trello au Asana: ushauri wangu kabla ya msimu wa kalenda

Dada Neema,

Habari za Morogoro, na pole kwa safari. Ijumaa ile, kabla ya wiki hizi mbili, uliniuliza timu yetu ishike programu ipi ya kufuatilia kazi, nikakuomba wiki mbili nizijaribu zote. Nimemaliza. Ushauri wangu ni Trello, na iwe moja kwa wote, mauzo na karakana ya uchapaji pamoja. Najua wewe umeipenda Asana. Nimeziangalia sababu zako moja moja, na baadhi yake ni za kweli kabisa, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Nilichofanya ni hiki: oda 14 zilezile niliziingiza kote kuwili siku moja, halafu nikaziacha zitembee jinsi kazi inavyotembea kwetu. Asubuhi nilikuwa nafungua Trello, mchana Asana, na jioni nalinganisha na hali halisi mezani.

Kilichonishawishi zaidi ni bahasha ya kaki. Unajua kila oda inapoingia tunaiandikia bahasha: jina la mteja, idadi, aina ya karatasi, tarehe ya kuchukua. Bahasha inatoka kwako kwenda kwa msanifu, kisha pruufu, kisha pleti, mashine, kukata, kujalidi, hadi kwenye rafu ya kupokelea. Ukitaka kujua oda iko wapi, unaangalia bahasha iko meza gani. Trello imejengwa hivyohivyo. Kuna ubao, ndani yake safu, na kila kazi ni kadi inayosogezwa kutoka safu moja kwenda nyingine. Mtindo huu chimbuko lake ni viwanda vya Toyota huko Japani, ambako vikadi viliambatana na kazi kutoka hatua moja kwenda nyingine. Sisi tumekuwa tukifanya hivyo kwa karatasi miaka yote, kwa hiyo hakuna mtu wa karakana atakayefundishwa namna mpya ya kufikiri. Safu nimezipa majina tunayoyasema kila siku: Imeingia, Usanifu, Pruufu kwa Mteja, Pleti, Mashine, Kukata na Kujalidi, Tayari, Imechukuliwa.

Jumatano nilimpa Mzee Hamisi simu yake mwenyewe, ile Android yenye kioo kilichopasuka pembeni, nikamwambia asogeze oda ya vitabu vya risiti ikishatoka kwenye kisu. Alifuta vumbi la karatasi kidoleni kwa shati, akaibana kadi, akaiburuta hadi Tayari. Akaniangalia: "Ndiyo basi?" Ndiyo basi. Alhamisi nikampa Asana. Alifungua kazi, akakuta sehemu ya mhusika, ya tarehe, ya mradi, ya maelezo, na kazi ndogondogo chini yake. Akabonyeza Mark complete, kwa sababu kwake yeye kukata kulikuwa kumekwisha. Oda ikatoweka kwenye orodha, ilhali kujalidi bado. Hilo si kosa la Mzee Hamisi. Asana inauliza "kazi imekwisha au haijaisha?", na kwetu oda moja inakwisha mara saba kabla haijakwisha kweli.

Nisiwaonee: Asana nayo inaweza kuonyesha kazi kwa safu kama Trello. Lakini uti wa mgongo wake ni orodha ya kila mtu na majukumu yake, na ndiyo maana wewe umeipenda. Ukiifungua asubuhi, My Tasks inakupangia cha leo na cha wiki ijayo. Kalenda unaipata hata bila kulipa. Na kila kazi ina mhusika mmoja tu, hairuhusu wawili. Hili la mwisho nakubaliana nawe kwa moyo wote. Kwenye Trello kadi moja unaweza kuibandika watu watano, na kazi ya watu watano haina mwenyewe. Kwa hiyo napendekeza tuiweke sheria hii sisi wenyewe na tuisimamie: kadi moja, sura moja. Kadi ikihama safu, anayeisogeza anajitoa na kumweka anayefuata. Nitakuwa nazipitia mwenyewe kila jioni kwa mwezi wa kwanza.

Sehemu hiyo inaweza pia kujiendesha. Trello ina Butler, unaipa amri kwamba kadi ikiingia Kukata na Kujalidi basi imweke Mzee Hamisi. Ila mpango wa bure unaruhusu mara 250 tu kwa mwezi. Oda zetu 14 za wiki mbili zikipita hatua saba ni karibu mara 100, yaani 200 kwa mwezi wa kawaida, na msimu wa kalenda tutapita mbali. Kwa hiyo tuitumie kwenye hatua mbili tu zinazotuumiza, Pruufu kwa Mteja na Mashine. Nyingine tubadilishe kwa mkono.

Sasa jambo zito, mafaili. Hapa Asana inashinda wazi. Kwenye mpango wa bure Trello inakubali kiambatisho kisichozidi MB 10, Asana inakubali hadi MB 100. Faili la kalenda ya kurasa 13 zenye picha haliwezi kuingia kwenye MB 10, tusidanganyane. Nimelifikiria hili siku nzima, na nimefika hapa: faili la kuchapa lisiwekwe kwenye programu yoyote kati ya hizi. Libaki kwenye kompyuta ya usanifu na nakala yake kwenye Drive, na kadi ibebe kiungo pamoja na picha ndogo ya pruufu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kalenda zile 500 za Novemba. Unakumbuka mteja alivyorekebisha namba ya simu kwenye pruufu ya pili, akatuma sauti WhatsApp saa mbili usiku, na asubuhi ujumbe wake ukawa chini ya jumbe sitini za grupu. Pleti ikatengenezwa kwa faili la kwanza. Tulilipa karatasi mara mbili na vijana wakalala kazini. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alikuwa na faili, ila hapakuwa na mahali pamoja panaposema lipi ndilo lililokubaliwa. Nikiwa na kadi moja yenye picha ya pruufu na maandishi "MTEJA AMEKUBALI, TOLEO LA 2, TAREHE 11", mtu wa pleti hana haja ya kumuuliza mtu. Hili ndilo ninalolitaka kuliko kitu kingine chochote katika mabadiliko haya. Kadi isiyo na maneno hayo isiingie Pleti, hata kama mteja amesimama kaunta.

Kuhusu watu na pesa. Tuko tisa. Mpango wa bure wa Trello unachukua watu 10 na mbao 10, na ukimwalika mteja kama mgeni naye anahesabiwa. Kwa hiyo wateja wasiingizwe. Waendelee kuongea nawe kwa WhatsApp, na wewe ndiye unayehamishia jibu kwenye kadi. Mpango wa bure wa Asana nao una kikomo cha watu, na wamewahi kukipunguza. Tukilazimika kulipa kwa mwaka, mpango wa kwanza wa Trello nimeukuta dola 5 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola 45 kwetu sote. Wa Asana dola 10.99, karibu dola 99. Bosi wetu akisikia tofauti hiyo utajua mwenyewe atachagua nini, lakini mimi ningechagua Trello hata bei zingekuwa sawa.

Ulipendekeza pia kwamba mauzo watumie Asana na karakana watumie Trello. Hapo nakuomba tusifanye hivyo. Oda itakuwa na nyumba mbili, na siku mteja akibadilisha idadi kutoka 200 hadi 300, wewe utaandika kwako na mashine itachapa 200. Tutakuwa tumeirudisha Novemba kwa gharama zetu wenyewe. Kama shida yako ni kuona za kwako tu, kwenye Trello unaweza kuchuja ubao ubaki na kadi zenye sura yako, na kila kadi ikiwekwa tarehe ya kuchukua inaonyesha rangi ikikaribia na ikichelewa. Siyo nzuri kama My Tasks, nakiri. Inatosha kwa oda zetu.

Mahali ambapo ningebadili mawazo ni kama tutapata tenda kubwa, tuseme madaftari ya shule kwa ajili ya Januari. Kazi ya namna ile haitembei kama bahasha: karatasi iagizwe, sampuli zipitishwe, magari yakodiwe, malipo yafuatiliwe, na kila kimoja kina mtu wake na tarehe yake. Kazi ndogondogo za Asana, kila moja na mhusika wake, zimetengenezwa kwa ajili hiyo, wakati orodha za kutiki za Trello hazikupi mhusika wala tarehe mpaka ulipie. Tukiipata tenda, mimi mwenyewe nitakuja kukuambia tuifungulie Asana hiyo kazi peke yake.

Mtandao pia nimeuangalia, kwa sababu kule nyuma ya mashine unakatika. Nilizima data nikasogeza kadi tatu za Trello kwenye simu, nilipowasha zikakaa mahali pake zenyewe. Vijana hawatakuwa na sababu ya kusema bando liliisha.

Nikikubaliwa, naomba tuanze Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Uje na daftari lako la oda, mimi nitakuwa nimeshafungua ubao, na tutaingiza zote tukiwa pamoja ili majina ya wateja yaandikwe namna moja. Bahasha za kaki ziendelee sambamba kwa wiki tatu. Sitaki tuzitupe kabla hatujaona ubao na meza vinasema kitu kimoja. Grupu la WhatsApp libaki kwa salamu na dharura, na maagizo ya kazi yakianza kuandikwa humo nitayahamishia kwenye kadi na kumjulisha aliyeyaandika.

Kama kuna oda yako ambayo unaona haitakaa kwenye safu hizi nane, niandikie kabla ya Ijumaa jioni, maana safu ni rahisi kuongeza sasa kuliko watu wakishazizoea. Ninayoiwazia mimi ni kadi za harusi, zile ambazo mteja anarudisha pruufu mara nne. Sijui kama tuwape safu yao au zirudi Usanifu kila mara. Wewe ndiye unayewajua wateja hao, nitafuata utakachosema.

Msalimie mama, na safari njema ya kurudi.

Salma
Uratibu wa kazi, karakana