Mimi ni Nani? Vitendawili vya Beti vya Darasa la Nne

Gawanyeni darasa makundi mawili, Swala na Tai. Mtegaji anasimama mbele na karatasi hii, na asimwonyeshe mtu. Akisema "Kitendawili!", darasa zima linaitika "Tega!" Asome ubeti mara mbili, pole pole, kwa sababu dalili nyingine imejificha katika neno moja tu. Jibu la kwanza likiwa sahihi ni alama 3, la pili 2, la tatu 1. Kundi likishindwa kabisa, mtegaji anadai "Nipeni mji!" Wakishampa mji anaoutaka, ndipo anafichua jibu.

Kitendawili! Tega!

Shingo yangu ndefu kweli,
Mwiba kwangu ni asali,
Kunywa maji ni shughuli,
Miguu nitenge mbali.

Jibu: Twiga. Waulizeni watoto shingo hiyo ina mifupa mingapi, waache wabishane kidogo. Ni 7 tu, sawa na shingo ya mwanadamu, ila kila mfupa wa twiga ni mrefu mno.

Kitendawili! Tega!

Nyumba yangu mgongoni,
Kichwa, miguu, vi ndani,
Simba abaki njiani,
Haraka mimi ya nini?

Jibu: Kobe. Lazima atatokea mtu wa kupaza sauti "Konokono!" Msimcheke, msomeeni tena mstari wa pili. Konokono hana miguu ya kuingiza ndani. Na kobe hawezi kuivua nyumba yake hata akitaka, maana gamba limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake.

Kitendawili! Tega!

Mimi si ndege, naruka,
Giza likija natoka,
Kichwa chini nikichoka,
Maziwa mwana ataka.

Jibu: Popo. Dalili kubwa ni maziwa. Bundi naye hutoka gizani, lakini hakuna ndege anayenyonyesha.

Kitendawili! Tega!

Mwendo wangu wa kunesa,
Jicho moja mbele hasa,
La nyuma linapapasa,
Ulimi nzi hunasa.

Jibu: Kinyonga. Hapa simamisheni mchezo kwa dakika moja. Kila mtoto ajaribu kutazama ubao kwa jicho moja na mlango kwa jingine. Hawezi, na hapo ndipo anapoelewa ajabu ya mnyama huyu: macho yake huzunguka kila moja kivyake. Akishamwona nzi, macho yote mawili humgeukia, ndipo ulimi unafyatuka.

Kitendawili! Tega!

Mikono minane nina,
Mifupa ndani hamna,
Mioyo mitatu tena,
Adui wino aona.

Jibu: Pweza. Atakayejibu buibui amehesabu vizuri, lakini buibui hana wino. Mioyo miwili ya pweza husukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, wa tatu huipeleka mwili mzima. Damu yenyewe ni ya buluu!

Kitendawili! Tega!

Shuka langu ni la maji,
Jua likiwaka siji,
Usiku nyasi mlaji,
Nyama kwangu si hitaji.

Jibu: Kiboko. Wengi watasema mamba. Waulizeni tu: mamba anakula nyasi?

Kitendawili! Tega!

Nacheza ngoma nyumbani,
Nikirudi mauani,
Wajue wenzangu ndani,
Tamu iko pande gani.

Jibu: Nyuki. Huu ndio ubeti ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa hiyo ngoma ni ya kweli kabisa. Nyuki aliyegundua maua ya mbali hurudi mzingani, akatembea juu ya sega akitikisa tumbo, akageuka kulia, akarudi alipoanzia, akatikisa tena, kisha akageukia kushoto. Mwelekeo wa mtikiso unaonyesha maua yako upande gani ukilinganisha na jua. Akitikisa kwa muda mrefu, safari ni ndefu. Na wenzake wanaielewa gizani, kwa kumgusagusa. Mtoto mmoja acheze ngoma hiyo mbele ya darasa, wengine wabashiri kalamu imefichwa upande gani.

Wa mwisho una alama mara mbili, na makundi yote mawili yanashindana kunyoosha mkono. Kitendawili! Tega!

Nilikuwa na mkia,
Majini nikizamia,
Miguu ikanijia,
Nchi kavu nahamia.

Jibu: Chura. Atakayesema "kiluwiluwi" apewe nusu ya alama, kwa kuwa amemjua mtoto, hajamjua aliyehamia nchi kavu. Na wakiuliza mkia ulidondokea wapi: haukudondoka. Mwili uliufyonza kidogo kidogo, ukawa chakula chake wakati kinywa kilipokuwa kikibadilika.