Barua ya Kuagana na Tathmini ya Utumishi wa Ndugu Khatib Faki

Ghala la Ununuzi wa Mwani,
Wete, Pemba.
28 Aprili 2025

Kumb. Nam. GMW/UT/17/2025

Ndugu Khatib Faki,
Msimamizi wa Ununuzi na Ubora,
Wete.

Assalaam alaykum.

YAH: SHUKRANI NA TATHMINI YA UTUMISHI WAKO, MACHI 2019 HADI APRILI 2025

Barua yako ya kuacha kazi niliipokea tarehe 27 Machi, na muda wa ilani unamalizika keshokutwa, tarehe 30. Kwa niaba ya ghala na kwa niaba yangu mwenyewe, nakushukuru kwa miaka sita na mwezi mmoja. Ulikuja ukiwa mbeba mizigo wa kutwa, unaondoka ukiwa msimamizi wa ununuzi katika vijiji tisa, kuanzia Tumbe hadi Maziwang'ombe. Hapakuwa na mtu wa kukushika mkono. Ulipanda kwa kazi uliyoifanya mbele ya macho yetu.

Tathmini hii ningeweza kuijaza kwenye fomu ya alama tunayotumia kila Disemba. Nimeona haitoshi. Unakwenda Unguja kuongoza ubora kwenye kiwanda cha unga na sabuni za mwani, na huko hakuna atakayejua ulivyofanya kazi hapa isipokuwa kwa maandishi. Basi naandika kwa urefu, mazuri na yale mengine, kama nilivyoyaona.

Naanza na mizani. Siku yako ya kwanza ya kupima, pale Tumbe, uliigeuza mizani ya kuning'iniza hata uso wake ukamwelekea muuzaji. Mpimaji aliyekutangulia alikuwa akisimama kati ya mizani na mwenye mali. Wewe ulirudi nyuma hatua moja, ukamwambia Bi Hadia, "Soma wewe, mama, mimi niandike." Alisoma kilo 31 na nusu, nawe ukaandika 31 na nusu. Nilikuwa nimekaa kwenye gari, nikasikia kimya kilichoshuka pale ufukweni. Mwezi ule kijiji kile kilituletea mzigo ambao zamani kilikuwa kikiwauzia wengine. Bei hatukupandisha hata shilingi. Mama aliyekaa ndani ya maji mpaka kiunoni bamvu zima, akafunga taitai moja moja, kisha akaanika kilo saba au nane mbichi ili apate moja kavu, anajua thamani ya nusu kilo kuliko mimi na wewe. Uliliheshimu hilo kabla hujafundishwa na mtu.

Pili ni mkono wako. Kipimo cha unyevu tunacho, na nimekuhimiza ukitumie, lakini nimekutazama mara nyingi ukichukua shina la mwani wa spinosamu, unalikunja, unalisugua kwa kidole gumba kuona kama chumvi imetoka nje na kuganda, kisha unalinusa. Likikatika kama kijiti, unasema limepita kiasi. Likilowesha kidole, unalirudisha kwenye kichanja. Mwaka jana tulijaribu mafungu 20, mkono wako kwanza, mashine baadaye. Mlitofautiana mara mbili tu. Uliyajua pia mafungu yaliyopigwa mvua yakiwa yanaanikwa, hata baada ya kukauka upya, kwa ule weupe wa kuchujuka. Huko uendako mwani unakuwa unga na sabuni inayokwenda kwenye ngozi ya mtu, na mkono huo ndio utakaohitajika kabla ya mashine yoyote.

Tatu, na hili halimo katika maelezo ya kazi yako: ulihangaikia mwani wa kotonii. Kaskazi ya 2022 maji ya kina kifupi yalipochemka na ncha za mwani zikawa nyeupe, zikakatika na kuchukuliwa na mkondo, wanunuzi wengi waliwaambia akina mama warudi kwenye spinosamu, basi. Wewe ulikwenda kuzungumza na wavuvi wa Tumbe hadi ukapata mashua mbili kwa makubaliano ya siku za bamvu, ili kamba zihamishiwe kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. Ukaja ofisini kudai majaketi ya kuogelea, kwa sababu wengi wa wakulima wale hawajui kuogelea. Nilikukatalia mara ya kwanza kwa kuwa bajeti ilikuwa imefungwa. Ukarudi na karatasi yenye majina 14 na idadi ya watoto wa kila mmoja. Majaketi yalinunuliwa. Wale 14 bado wanalima kotonii hadi leo, na hakuna aliyezama.

Sasa nakuja kwenye masika ya 2023, ambayo tuliyazungumza mara moja tu, wote wawili tukiwa na hasira. Nataka yaandikwe vizuri.

Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mvua ilikuwa haikatiki, vichanja vimelowa, na akina mama wanataka nguo za Idi za watoto. Ulipokea mwani ambao mkono wako ulikuambia haujakauka. Nimeupima moyo wangu mara nyingi tangu siku ile, na sikulaumu kwa huruma. Tatizo langu ni siku tatu zilizofuata. Siku ya pili uliingia ghalani ukapeleka mkono kati ya marobota, ukakuta joto. Siku ya tatu yalianza kutoa maji chini. Ulijua. Ukayapanga upya ili hewa ipite, ukalala ghalani, ukafungua madirisha alfajiri ukayafunga ikinyesha, peke yako, ukitumaini jua litatoka. Mimi nilikuwa ofisini, hatua 40 kutoka hapo, nikitia saini karatasi za kusafirisha. Marobota 62 yalikwenda Unguja yakapimwa asilimia 46 wakati mkataba wetu unataka yasizidi 38. Yakarudishwa. Tuliyafungua yote, tukayaanika wiki tatu, na sehemu yake ikatupwa.

Ulipoulizwa ulisema, "Kosa ni langu, nikateni mshahara." Uliona unabeba jukumu. Ndugu Khatib, jukumu lilikuwa ni kuja mlangoni kwangu siku ile ya pili na kusema, "Bi Raya, nimepokea mwani mbichi, usitie saini." Ningekasirika, ndiyo. Lakini meli ingesubiri. Na la zaidi, tungelizungumza tatizo lenyewe, kwamba watu walihitaji pesa kabla mwani haujakauka. Tulipokaa hatimaye, baada ya hasara, ilituchukua asubuhi moja kukubaliana kutoa nusu ya malipo kwa mzigo ulioandikishwa na nusu ukikauka, pamoja na kuazima maturubali. Utaratibu huo ni wazo lako. Ulikuwa nalo kichwani tangu kabla ya Ramadhani ile, ukaogopa kulileta kwa sababu mara mbili nilikuwa nimekujibu kwa mkato. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu, na naiandika hapa ili ibaki kwenye jalada lako na langu.

Huko uendako utakuwa na watu chini yako na mkurugenzi juu yako. Kundi la unga likiharibika, mpelekee habari siku hiyohiyo, hata kama hujapata dawa yake. Na wale walio chini yako wakikujia na habari mbaya, kumbuka nilivyokuwa nikikujibu mimi, uwajibu vingine.

Jambo la pili la kujifunza ni daftari. Ulipooa, Agosti 2021, tulikupa siku tisa za likizo, na kwa siku tisa hakuna aliyejua nani amekopeshwa kamba na vigingi, nani amelipa, na bamvu lijalo gari linaanzia kijiji gani. Yote yalikuwa kichwani mwako, sahihi kabisa, na hayakutufaa. Daftari tulilolikuta mezani lilikuwa na alama zako mwenyewe: duara, msalaba, nukta mbili. Mwenzako Time alikaa nalo jioni nzima akashindwa, mpaka tukakupigia simu ukiwa ukweni, jambo ambalo naona haya nalo mpaka leo. Tangu mwaka jana unaandika rejista kamili, na ni nzuri, lakini ulianza baada ya kusukumwa. Kiwandani kila kundi litahitaji tarehe, kijiji lilikotoka, unyevu na jina la aliyelipokea. Daftari hilo lianzishe siku ya kwanza, kwa maneno ambayo mgeni anaweza kuyasoma.

Kuna dogo jingine: unachelewa kusema hapana. Umempa kila mtu ahadi ya gari kwa siku ileile moja. Nadhani wajua.

Makabidhiano yako na Time yamenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Wiki mbili mmezunguka vijiji vyote tisa, na kila pahala umesimama kando yeye akapima. Ameniambia kuwa Kiuyu mzee mmoja alikataa kumpa mzigo, akasema, "Weye nenda, mimi namngoja Khatib," nawe ukamwomba asome mizani kwanza ndipo aamue. Akauza.

Kuhusu stahiki zako: mshahara wa Aprili na malipo ya siku 11 za likizo ambazo hukuzitumia vitaingizwa benki tarehe 30. Michango yako ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar imelipwa hadi mwezi huu. Taarifa yake nimeiambatanisha uihakiki kabla ya kuondoka. Cheti cha utumishi kipo tayari, nacho kinataja cheo chako na tarehe tu. Barua hii ni yako, una hiari ya kumwonyesha mwajiri mpya au kuiweka. Akinipigia simu nitamwambia haya haya, pamoja na kwamba ningekuajiri tena bila kukufanyia usaili.

Funguo za ghala la nyuma mkabidhi Time kesho, na kipimo cha unyevu kirudi kwenye sanduku lake. Mizani ya Tumbe iache kulekule. Bi Hadia ameomba ibaki kwake, nami nimekubali. Anakusubiri Jumatano baada ya Alasiri, ana kitu cha kukupa, na amesema usije na gari la kazi.

Nisalimie mama yako na nyumba yako. Safari njema ya Unguja, Inshaallah.

Wako katika kazi,

Raya Hamad
Meneja wa Ghala

Nakala: Jalada la mtumishi