Wino Mweusi, Mkono Mtupu

Hesabu zenyewe hazijabadilika. Pembe za ndani za pembetatu bado jumla yake ni nyuzi 180, na kipeuo cha pili cha namba hasi bado kinakataa kutoka kwenye kikokotoo. Kilichobadilika katika miaka kumi ni kila kitu kinachoizunguka karatasi ya mtihani, na huko ndiko nilikotokwa jasho.

Nilirudi kufanya mtihani wa kimataifa wa hesabu kwa sababu ya upimaji ardhi. Kazini nimeshika fimbo ya kupimia miaka yote nikiwasaidia wenye vyeti, na chuo kilisema wazi kwamba bila kufaulu hesabu vizuri sipokelewi. Cheti changu cha zamani hakijafa, ila alama iliyomo haitoshi. Nikapiga simu kituo cha mtihani kujiandikisha kama mtahiniwa binafsi, nikawatajia namba ya somo niliyoikariri tangu ujana.

"Hiyo namba ilishafutwa, dada," akasema karani. "Silabasi ni mpya. Na alama za karatasi ulizofanya zamani hatuzihamishi. Unaanza zote upya."

Akanitumia silabasi mpya pamoja na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, ambayo ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Mitihani ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi kwenye boksi ikageuka mtego: robo ya maswali yalihusu matriki, na matriki zimeondolewa. Badala yake kuna takwimu nyingi zaidi. Kisha nikaona kitu kilichoniuma kidogo, siwezi kuficha. Ukurasa wa pili wa mtihani sasa una orodha ya kanuni, pamoja na ile ndefu ya milinganyo ya kipeo cha pili tuliyokuwa tukiiimba kama kasuku. Vijana wa leo wanapewa tu. Nilipojaribu maswali ndipo hasira ikaisha, maana kanuni unapewa lakini swali halikuambii ni ipi ya kutumia.

Mwongozo wa mtahiniwa niliusoma na mpwa wangu, ambaye naye alikuwa anafanya mtihani uleule. Kurasa nyingi, makatazo juu ya makatazo. Wino mweusi tu. Kalamu ya wino unaofutika marufuku, wino mweupe wa kufutia marufuku. Andika ndani ya fremu. Usiandike chochote juu ya msimbopau. Enzi zetu ulifika na kalamu yoyote, bluu au nyeusi, ukaandika mpaka pembeni mwa karatasi.

"Wanatutesa tu," nikasema.

"Shangazi, karatasi yako haisomwi na mtu kwanza. Inapita kwenye skana."

Akanieleza vizuri kuliko mwongozo wenyewe. Kitabu cha majibu kinakatwa mgongo, kurasa zinapigwa picha, na msahihishaji anaziona kwenye kompyuta. Wino hafifu skana inaweza kuupoteza. Wino wa kufutika hupotea ukipata joto. Ule mweupe hugandisha kurasa. Na kilichoandikwa nje ya fremu kinaweza kukatwa kwenye picha.

"Halafu," akaendelea, "msahihishaji mmoja anaweza kupewa swali la tano tu, la watu mamia. La nne lako halioni."

Hapo nikanyamaza. Mimi nilizoea kuandika "tazama juu, swali la nne" pale jibu moja linapotumika tena. Kwa utaratibu huu huyo wa la tano hana pa kutazama. Kila jibu lazima lijitegemee, na ukiomba karatasi ya ziada, namba ya swali unaiandika pale pale kabla ya kitu kingine chochote. Kuanzia jioni ile nilianza kufanya mazoezi kwa kuchora fremu kwenye daftari na kujilazimisha kutotoka nje yake. Njia ya kukokotoa nayo nilijifunza kuionyesha mstari kwa mstari, kwa sababu hatua zina alama zake hata jibu la mwisho likikosewa. Majibu kwa tarakimu tatu za maana, pembe kwa nafasi moja ya desimali, na kukadiria ni mwishoni tu, si katikati ya njia. Ukikosea, piga mstari mmoja uendelee.

Siku ya mtihani nilipanga foleni na watoto walioniamkia mmoja baada ya mwingine, wengine wakidhani mimi ni msimamizi. Mlangoni msimamizi halisi alilinganisha uso wangu na kitambulisho, akakikagua kifuko changu cha plastiki angavu kilichokuwa na kalamu mbili, penseli, rula na bikari. Chupa ya maji nilishaibandua lebo nyumbani. Simu niliizima nikaikabidhi.

"Na saa, mama."

"Hii ni ya mishale tu. Haina intaneti wala nini."

"Saa zote, mama. Siwezi kukaa nikichunguza ipi ni ya mishale na ipi inajifanya."

Hoja yake ilikuwa na nguvu. Nikaivua. Ukutani kulikuwa na saa kubwa inayoonekana kila kiti, na ubaoni waliandika muda wa kuanza na wa kumaliza. Ila mkono uliozoea saa hausahau upesi; kila baada ya muda nilikuwa nikiinua kifundo kitupu na kukiangalia.

Kikokotoo kilikaguliwa pia. Kifuniko kiliachwa nje, kwa sababu watu huandika ndani yake, kisha msimamizi akabonyeza vitufe kufuta kumbukumbu yote. Hapa mpwa wangu alikuwa ameshanipa dawa: kikishafutwa, jaribu sini ya 30 kabla hujagusa swali. Ikitoka 0.5 uko kwenye nyuzi. Ikitoka -0.988 uko kwenye radiani na kila pembe yako itakuwa uongo. Mtihani ulipoanza, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofanya. Changu kilitoa 0.5. Nikapumua.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya haki. Swali la saba lilikuwa na mnara, vituo viwili vya kupimia na pembe mbili za mwinuko, kazi ninayoiona kwa macho kila wiki. Nilichora mchoro, nikaandika kanuni ya sini, nikaacha tarakimu zote kwenye kikokotoo mpaka mwisho. La takwimu lilinisumbua, nikaliacha, nikalirudia.

"Wekeni kalamu chini." Hakuna aliyeinuka. Tulikaa kimya, mikono nje ya meza, mpaka vitabu vyote vikakusanywa na kuhesabiwa, ndipo safu moja moja ikaruhusiwa. Kabla hatujatoka msimamizi akatukumbusha sheria ambayo enzi zetu hata isingeeleweka: mtihani huu unafanywa na watu walio kwenye majira tofauti ya saa, kwa hiyo kwa saa 24 hakuna kujadili maswali, si mdomoni, si kwenye simu, si kwenye makundi ya mtandaoni.

Kwenye korido kijana mmoja akanikimbilia, daftari mkononi.

"Shikamoo mama. Ule mnara, ulipata urefu gani?"

"Marahaba. Niulize kesho muda kama huu."

"Aa, mama!"

"Kesho, mwanangu. Na uje na mchoro wako."