Utaratibu wa Ibada ya Nyumba kwa Nyumba, Wete, Pemba: Alhamisi 11 Septemba 2025

Nyumbani kwa Mama Muuguzi. Tunaanza saa 10:30, wenzetu wakishatoka kusali Alaasiri, na tunamaliza saa 11:45 ili adhana ya Magharibi isitukute katikati ya wimbo.

Anaongoza Mzee wa jumuiya. Somo la kwanza atasoma binti wa kidato cha tatu, Injili atasoma Mama mwenye nyumba, tafakari ni ya Mwalimu, na maombi ni ya Bibi. Nakala za karatasi hii ni sita tu, kwa hiyo kaeni wawili wawili. Maneno ya Biblia hayakuandikwa hapa. Kila mtu aje na Biblia yake.

Viatu mlangoni. Viti vinne ni vya wazee na mama mjamzito, sisi wengine mkekani. Ngoma leo hatupigi, nyumba ya upande wa pili wana mgonjwa. Makofi ya taratibu yanatosha.

Jambo moja la msimu: jirani ameanika karafuu uwanjani, majamvi matano. Mvua ikianza, kiongozi anyamaze papo hapo alipofika, hata kama ni katikati ya sala, tutoke wote tukaanue. Karafuu ikinyeewa inageuka mpeta, na bei ya mpeta mnaijua. Tukirudi tunaendelea pale tulipoachia. Wiki mbili zilizopita tuliachia kwenye "mkate wetu wa kila siku", na tuliporudi watoto walikuwa wameshaufikia mkate wenyewe.

Kukusanyika

*Tumeketi. Kimya kidogo, kila mtu ashushe pumzi.*

Kiongozi: Amani ya Mungu iwe katika nyumba hii.
Wote: Na kwa wote waliomo, na kwa wote waizungukao.
Kiongozi: Tumetoka shambani, sokoni, hospitali na darasani.
Wote: Ee Bwana, tupokee kama tulivyo, na vumbi letu.

Wimbo wa kuanzia

*Mzee anaanzisha, sauti ya chini. Mstari wa mwisho tunaurudia.*

Tumekuja Baba yetu, barazani twakuita,
Kazi za mikono yetu, leo kwako twazileta,
Uso wako uwe kwetu, neno lako twalifwata,
Karibu nyumbani mwetu, Bwana kaa nasi hapa.

Wagonjwa na wenye njaa, wajane na wasafiri,
Na jirani wa mtaa, awe salama na kheri,
Mwanga wako ukikaa, giza halina hatari,
Karibu nyumbani mwetu, Bwana kaa nasi hapa.

Toba

Kiongozi: Tukae kimya, kila mtu aikumbuke wiki yake.

*Kimya cha kweli, si cha kupitisha. Mzee ahesabu pumzi kumi.*

Kiongozi: Tumepima kwa pishi mbili, ya kununulia na ya kuuzia.
Wote: Utusamehe, Bwana.
Kiongozi: Tumemhesabia mwenzetu alichopata, tukasahau tulichopewa.
Wote: Utusamehe, Bwana.
Kiongozi: Tumemcheleweshea mfanyakazi ujira wake, na sisi tulikuwa nao mfukoni.
Wote: Utusamehe, Bwana.
Kiongozi: Mungu hachoki kupokea anayerudi. Kwa ajili ya Yesu Kristo amewasamehe dhambi zenu. Inukeni mioyo.
Wote: Amina. Tunashukuru.

Zaburi ya 126

*Waliokaa upande wa dirisha wasome mstari wa kwanza, wa upande wa mlango wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Msikimbizane.*

Somo la kwanza: Kumbukumbu la Torati 24:19–22

*Binti asome polepole. Anayesikiliza, mahali pa mizeituni aweke mikarafuu kichwani mwake, aone kama sheria ile bado inamgusa. Hapa kwetu wapo mabibi na watoto wanaopita chini ya miti wakiokota zilizodondoka, na wapo wenye mashamba wanaowafukuza.*

Msomaji: Hilo ndilo neno tulilosomewa.
Wote: Tumelisikia. Utupe moyo wa kulitenda.

Pambio

*Kiongozi anaita, wote wanaitikia. Hapa watoto waachiwe wasimame.*

Mikono yangu mitupu — *Bwana, umeijaza!*
Pishi yangu ilipungua — *Bwana, umeijaza!*
Nilifika jua limeshuka — *Bwana, umenipokea!*
Sikuwa na wa kunisemea — *Bwana, umenipokea!*

Injili: Mathayo 20:1–16

*Tusimame, asiyeweza akae. Mama akianza hapa kwenye saa 11 tutakuwa tumekwenda vizuri, na mtaona kwa nini.*

Msomaji: Hiyo ni Injili ya Bwana wetu.
Wote: Sifa kwako, ee Kristo.

Tafakari

*Mwalimu aisome kama ilivyoandikwa. Akiongeza, dakika tano, na Mzee ana saa.*

Ndugu zangu, mfano huu sisi hatuhitaji kutafsiriwa saa. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Ni saa zetu hizi hizi, zinahesabiwa toka jua lichomoze. Tazameni kivuli cha mlango: saa ya wale wa mwisho ndiyo hii tuliyonayo sasa. Limebaki kama saa moja jua lizame. Mtu anayeajiriwa sasa hivi atachuma nini? Kabla hajafunga ngazi vizuri, giza.

Kwetu mchumaji analipwa kwa pishi. Amechuma nyingi, amepata nyingi. Kwa hesabu hiyo wale wa alfajiri walikuwa na haki ya kunung'unika, na mimi nisingewalaumu, maana nimewahi kuwa juu ya mti toka asubuhi na nimewahi kumwona aliyekuja mchana akiitwa kwanza kwenye malipo. Inauma. Lakini sikilizeni wale wa mwisho walivyojibu walipoulizwa mbona mmesimama bure: hakuna aliyetuajiri. Hawakuwa wamelala. Walisimama kutwa wakitazamwa na kuachwa. Mwenye shamba hakuwalipa kwa pishi, aliwalipa kwa njaa ya watoto wao. Watoto wa mtu wa saa kumi na moja wanakula sawa na wa mtu wa alfajiri.

Tunakaa kwenye kisiwa ambacho karafuu zake zilichumwa miaka mingi na watu wasiolipwa pishi wala dinari. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Si zamani sana, babu wa babu wa mtu. Kwa hiyo anayetuambia ujira ni jambo la dunia, halina nafasi kwenye ibada, aisome tena Injili hii na ataje wamo watu gani isipokuwa vibarua na mlipaji.

*Sasa mazungumzo, dakika kumi. Swali ni moja: kwenye mfano huu, wiki hii ulikuwa wa saa ngapi? Asiyetaka kusema asilazimishwe. Akina baba wanaopenda kujibu kwa niaba ya wake zao, tuliwaambia mwezi uliopita.*

Maombi

*Bibi anaongoza akiwa amekaa. Baada ya kila ombi: "Ee Bwana," wote waitikie: "Utusikie."*

Tunawaombea walio juu ya mikarafuu saa hii. Tawi la mkarafuu halina ahadi, Bwana, wewe unalijua. Uwashike. Tunamwombea kijana aliyeanguka Jumatatu na kuvunjika mkono, na mama yake anayemlisha kwa kijiko kama mtoto. Ee Bwana,

Tunamwombea jirani yetu aliye mgonjwa, na wote wanaomwombea kwa namna yao. Uwape usingizi usiku. Ee Bwana,

Tunawaombea walio baharini kati ya Pemba na Unguja. Jana ilitimia miaka 14 tangu MV Spice Islander izame karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwaleta watu kwao hapa Pemba. Tunazikumbuka nyumba ambazo mpaka leo zina chumba kisicholaliwa. Hukuuliza dini ya aliyelia, na sisi hatuulizi. Ee Bwana,

Tunakiombea kisiwa hiki na nchi yetu, kuelekea uchaguzi wa mwezi ujao. Ulimi wa kila mtu uwe mpole, na jirani abaki jirani. Ee Bwana,

Tunawaombea watoto wetu waliokwenda kusoma Dar es Salaam na Unguja, wasisahau kupiga simu. Ee Bwana,

*Hapa kila mtu ataje jina analolibeba, kwa sauti au kimoyomoyo. Halafu tushikane mikono, tusali* Baba Yetu, *wote kwa pamoja, tusiwaache watoto nyuma.*

Sadaka

*Kikapu kizunguke, hakuna atakayetangaziwa kiasi. Leo yote inakwenda kwa yule kijana wa mkono. Atakaye kutoa kilo ya mchele au ndizi aiache jikoni.*

Kiongozi: Vilivyotoka kwako ndivyo tunavyokurudishia.
Wote: Vipokee, uvifikishe vinapohitajika. Amina.

Baraka

Kiongozi: Mungu awalinde mnapotoka, awalinde mnapoingia.
Wote: Amina.
Kiongozi: Awape mkono wa kutoa na wa kupokea.
Wote: Amina.
Kiongozi: Baraka ya Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, ikae juu yenu na juu ya nyumba hii.
Wote: Amina.

Wimbo wa kuagana

*Tumesimama. Ikiwa saa 11:45 imepita, ubeti huu usemwe tu, usiimbwe.*

Twaondoka kwa amani, Mungu atutangulie,
Tukifika majumbani, neno tusilifukie,
Kesho tuwapo shambani, mkono atushikie,
Na usiku kitandani, usingizi atutie.

*Chai ya tangawizi na mkate wa kumimina vipo. Sahani ya kwanza apelekewe jirani mwenye majamvi. Alhamisi ijayo ni nyumbani kwa Mwalimu. Kwake mikeka ni miwili tu, kwa hiyo anayeweza aje na wake.*