Vitabu vinavyochelewa kurudi: mawazo ya kikao, kwa makundi na kwa idadi ya walioyaunga mkono

Wenzangu wa maktaba,

Nimeisikiliza rekodi yote ya dakika 54 mara mbili. Tulikuwa tisa. Mawazo yaliyotamkwa ni 23. Nikitoa yaliyojirudia kwa maneno mengine yanabaki 9, nayo yameangukia makundi matano. Kila mtu nimemhesabu mara moja tu katika kundi, hata kama alilisemea mara nne (yupo, anajijua). Vicheko na "mmh" sikuvihesabu kuwa kuunga mkono.

1. Kumkumbusha msomaji mapema: watu 7
Ujumbe mfupi siku mbili kabla ya tarehe, kumpigia simu asiyejibu, na kubandika tarehe kwenye jalada la mbele. Wote saba waliutaka ujumbe. Simu ilitajwa na wawili, na swali la nani atapiga halikujibiwa. Kibandiko kilisemwa harakaharaka dakika ya 41 kikapitwa, ila ndicho tunachoweza kukianza kesho asubuhi. Naomba kisimezwe na ujumbe.

2. Kurahisisha kurudisha: watu 5
Sanduku la kutumbukizia vitabu nje ya mlango, na kuongeza muda kwa simu. Mmoja alilipinga sanduku kwa sababu ya mvua.

3. Kusamehe faini kwa wiki moja: watu 4
Hapa wengi mtashangaa. Faini ilitula dakika 17, kuliko jambo jingine lolote, na ukitoka kikaoni ungeapa kwamba ndiyo iliyoongoza. Lakini waliokuwa wakizungumza ni sita wale wale, wanne upande huu na wawili upande wa pili. Awali nilikuwa nimeweka "faini" kundi moja lenye watu sita, ikashika nafasi ya pili. Nikalivunja: anayetaka kusamehe na anayetaka kupandisha hawaungi mkono kitu kimoja.

4. Kumbana anayechelewa: watu 2
Kupandisha faini na kumnyima kitabu kingine hadi arudishe cha kwanza. Wale wanne wa kundi la tatu walikataa waziwazi kupandisha. Kuhusu kumnyima kitabu hawakusema lolote.

5. Kuwauliza wanaochelewa kwa nini wanachelewa: mtu 1
Lilitolewa na mwenzetu wa zamu ya jioni dakika ya 52, watu wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi. Liko mwisho kwa hesabu, lakini halikukataliwa. Halikupata nafasi ya kusikilizwa. Napendekeza lifungue kikao kijacho.

Sauti mbili kati ya dakika ya 30 na ya 33 zinapandana na sikuzitambua, kwa hiyo sikuzihesabu. Zikiwa zote za kundi la pili, litafikia saba, sawa na la kwanza. Kama ulikuwa wewe, niambie kabla ya Ijumaa mchana pamoja na ulichokuwa unakiunga mkono, nirekebishe.

Katibu wa kikao